Uso mmoja, nuru mbili: kulinda rangi ya ngozi nyeusi kati ya dirisha na taa

Picha za maandalizi ya bibi harusi mara nyingi ni ngumu kuliko za ukumbini. Bibi harusi hukalishwa karibu na dirisha ili mpambaji aone vizuri, na papo hapo taa za kioo cha kupambia zinawaka upande wa pili. Kwa macho, chumba kizima kinaonekana sawa. Kwenye picha, shavu la dirishani limepauka na kuingia ubluu, shavu la upande wa taa limegeuka rangi ya chungwa, na mpaka wa rangi hizo mbili unapita juu ya pua. Kama bibi harusi ni mweusi wa kukolea, mambo huzidi kuwa magumu, kwa sababu kila ukirekebisha shavu moja unaharibu la pili.

Wengi hudhani hawajapata namba sahihi ya rangi ya kuweka kwenye kamera tu. Namba hiyo haipo, na ukishaelewa kwa nini haipo, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na kile kamera inachokifanya. Mizani ya weupe, ile inayoandikwa WB, ni hesabu fupi: kamera inazidisha thamani za rangi nyekundu na za bluu kwa kiasi fulani ili kitu cha kijivu kitoke kijivu. Kiasi hicho ni kimoja kwa picha nzima. Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini, na taa ya njano ya nyumbani ina kelvini 2700 hadi 3000. Nuru ya anga inayoingia dirishani bila jua la moja kwa moja mara nyingi inazidi kelvini 6000, na anga likiwa bluu safi inapanda zaidi. Ukiiambia kamera ipige kwa ajili ya dirisha, chochote kilichoangazwa na taa kitakuwa cha chungwa. Ukiiambia ipige kwa ajili ya taa, upande wa dirisha unageuka bluu. Ukiiweka katikati, pande zote mbili zinakosea, kila mmoja kwa njia yake.

Kuna jambo linalowachanganya watu hapa. Kelvini nyingi ni nuru ya kibluu, lakini ukisogeza `Temp` kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kuelekea namba kubwa picha inakuwa ya njano. Hakuna kosa hapo. Unaiambia programu kwamba nuru ilikuwa ya kibluu, nayo inaongeza njano ili kufidia. Pembeni yake kuna `Tint`, inayosawazisha kijani na majenta. Hiyo ya pili inasahaulika sana, ilhali ndiyo inayookoa picha zilizopigwa karibu na ukuta wa kijani, au kwenye dirisha lenye mwembe nje yake. Majani yanarudisha kijani usoni, na `Temp` peke yake haiwezi kukiondoa.

Sasa kwa nini ngozi nyeusi inaumia zaidi? Hapa namba zinasaidia kuliko maneno. Mwaka 2022 Google ilitoa kipimo cha rangi za ngozi chenye ngazi 10, kilichoandaliwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ngazi ya 7, ambayo ni kahawia ya wastani, ina nyekundu 130, kijani 92 na bluu 67, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Ngazi ya 9, ambayo ni nyeusi ya kukolea, ina 58, 49 na 42. Angalia mpangilio wake: zote mbili zinaanza na nyekundu, kisha kijani, kisha bluu. Ngozi nyeusi kwenye nuru safi haiachi mpangilio huo. Lakini kwenye ngazi ya 7 nyekundu inaizidi bluu kwa 63, na kwenye ngazi ya 9 inaizidi kwa 16 tu.

Tuseme mizani imekosewa, nyekundu ikapungua kwa asilimia 15 na bluu ikaongezeka kwa asilimia 20. Ngozi ya ngazi ya 7 inakuwa takribani 110, 92, 80. Imepoa, lakini bado ni kahawia na mtazamaji ataiona kahawia. Ngozi ya ngazi ya 9 inakuwa 49, 49, 50. Hiyo si kahawia tena. Ni kijivu kitupu, kama simenti. Kosa ni lilelile na chumba ni kilekile, lakini dada mmoja ametoka salama na mwenzake amepauka. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kamera haimpendi fulani, au kwamba ngozi yake ni ngumu kupiga. Ngozi haina ugumu wowote. Nafasi ya kukosea ndiyo ndogo zaidi, kwa hiyo kazi inatakiwa kuwa makini zaidi.

Mizani ya otomatiki nayo inaongeza tatizo. Msingi wake wa zamani ni dhana kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kamera za leo zina akili zaidi ya hapo, lakini bado zinavutwa na kilichojaa kwenye fremu. Ukijaza fremu na uso wa kahawia, kabati la mbao nyuma na pazia la krimu, kamera inaweza kuamua kwamba kuna unjano uliozidi na kuongeza bluu ili kuuondoa. Unjano ule ulikuwa ngozi ya mtu. Isitoshe, uamuzi huo unabadilika kila ukisogea hatua mbili, hivyo picha za dakika kumi zinatoka na rangi kumi tofauti za mtu mmoja. Kwenye vyumba vya namna hii ninafunga WB kwa namba ya kelvini na kupiga RAW. Hata namba ikiwa si sahihi sana, kosa linakuwa moja na nitalirekebisha mara moja kwa picha zote. JPEG imeshatupa sehemu kubwa ya taarifa za rangi, na kuivuta umbali mrefu huacha madoa kwenye vivuli vya ngozi.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi vya upigaji picha havilitilii mkazo, nalo ni mng'ao. Nuru inaporudi kutoka kwenye ngozi, sehemu yake imeingia ndani kidogo, ikapita kwenye melanini na damu, ikatoka na rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haikuingia kabisa: imedunda juu ya ngozi na mafuta yake, na imebaki na rangi ya chanzo chake. Kwenye ngozi nyeupe sehemu ya kwanza ni kubwa sana, kwa hiyo mng'ao unamezwa. Kwenye ngozi nyeusi sehemu ya kwanza ni ndogo, na mng'ao unajitokeza wazi kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na bega. Ndiyo sababu dirisha linaandika rangi yake juu ya uso mweusi kwa ukali kiasi kile.

Matokeo yake ni mtego ambao wahariri wengi huingia. Wanaona ubluu kwenye mng'ao wa shavu, wanavuta `Temp` juu hadi ubluu uishe, na kufikia hapo sehemu zote zisizo na mng'ao zimekuwa za chungwa. Mng'ao wa dirisha kuwa na ubaridi kidogo ni jambo la kawaida. Rangi ya ngozi ihukumiwe mahali ambapo haing'ai wala haina kivuli kizito: chini ya mfupa wa shavu, upande wa shingo, ndani ya mkono juu ya kiwiko. Shingo na mkono vina faida nyingine. Kama mpambaji ametumia fondesheni iliyo nyepesi kuliko ngozi, uso si kigezo tena, na ukiufuata utapoteza rangi ya mwili mzima.

Tuchukue mfano mmoja hatua kwa hatua. Chumba cha hoteli, saa tisa alasiri, dirisha kubwa lenye pazia jeupe jepesi, jua halipigi moja kwa moja. Kioo cha kupambia kina balbu za njano. Kuna taa mbili za kitanda nyuma, za njano pia. Bibi harusi ni mweusi wa kukolea, dirisha liko kushoto kwake na kioo kulia. Mashangazi wamejaa chumbani, na mmoja wao anasema, "Mwanangu, washa taa zote basi, bibi harusi aonekane." Anasema kwa nia njema kabisa, na ni kinyume cha kinachotakiwa.

Hatua ya kwanza ni kujua nuru ngapi zinamfikia usoni. Njia ya haraka ni kutazama macho yake kwa karibu: kila chanzo cha nuru kinaacha nukta yake kwenye mboni, na rangi yake inaonekana. Hapa kuna mstatili mweupe wa dirisha na mstari wa nukta za njano. Kisha weka kadi ya kijivu, ya kusomea rangi ya nuru, mbele ya uso wake, uielekeze dirishani na upige picha moja, halafu uielekeze kwenye kioo na upige nyingine. Usiielekeze katikati kwenye kamera, kwa maana utapata mchanganyiko usiomhusu yeyote. Tuseme ukifungua picha hizo baadaye, kadi ya dirisha inasoma `Temp 6100`, `Tint +9`, na kadi ya taa inasoma `Temp 2900`, `Tint +3`. Umbali huo ni mkubwa mno kwa marekebisho yoyote ya picha nzima.

Tafadhali usitumie shela kama kadi. Vitambaa vyeupe vya harusi vingi vina kemikali ya kung'arisha inayonyonya mionzi ya urujuanimno na kuirudisha kama nuru ya bluu. Karibu na dirisha, shela jeupe linakuwa na bluu kuliko nuru yenyewe. Ukibonyeza juu yake kwa kifaa cha programu cha kusawazisha weupe, programu inaongeza njano kufidia bluu ya kitambaa, na ngozi inaungua. Meno na weupe wa jicho pia si vyeupe vya kweli.

Hatua ya pili ni kuchagua nuru moja iumiliki uso, na hapa ndipo picha inapookolewa au kupotea. Kwenye chumba hiki ningechagua dirisha bila kusita. Nuru yake ni pana na laini, na ina rangi zote, pamoja na nyekundu ya kutosha ambayo ngozi nyeusi inaihitaji. Nikimkuta mpambaji katikati ya kazi simzimii taa. Namwambia, "Dada, samahani, ukimaliza macho naomba unizimie taa za kioo dakika tano tu nimpige." Wengi wanakubali wakiombwa kwa adabu, hasa wakiona kwenye kamera jinsi kazi yao inavyoonekana taa zikizimwa.

Kama taa haziwezi kuzimwa, umbali unasaidia. Nuru ya balbu inapungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, nuru inabaki robo. Mgeuze kiti aelekee dirishani, umsogeze karibu nalo, na kioo kibaki nyuma yake au mbali upande. Lengo langu ni nuru ya taa usoni iwe moja ya nane ya nuru ya dirisha au chini ya hapo, yaani tofauti ya stopu 3, kila stopu ikipunguza nuru kwa nusu. Hapo rangi ya taa inabaki kama joto kidogo pembezoni na haileti mgawanyiko wa uso. Taa za kitanda ziache ziwake nyuma. Zitaonekana za njano kwenye picha na hilo halimsumbui mtu, kwa sababu mtazamaji anaiona taa yenyewe na anaelewa joto limetoka wapi.

Njia ya tatu, kwa anayefanya kazi hii mara kwa mara, ni kubeba balbu zake za kelvini 5000 au 5500 na kuomba kuzibadilisha kwenye kioo. Balbu za 6500K zinazouzwa kila duka pia zinasogea karibu na dirisha. Flashi iliyodundishwa kwenye dari jeupe nayo inakaa jirani na nuru ya mchana, ila angalia dari kwanza: likiwa la mbao au limepakwa krimu, flashi inarudi na rangi hiyo.

Kabla ya rangi kuna mwangaza wenyewe, maana sehemu kubwa ya kupauka inaanzia hapo. Dirisha likiwa ndani ya fremu kamera inatia picha giza, kisha mhariri anaiinua kwenye kompyuta. Ngozi nyeusi inarudisha bluu kidogo sana, na chini ya taa ya njano bluu yenyewe ni haba, kwa hiyo unapoinua unakuta chembechembe badala ya rangi. Upande mwingine, ukiipima nuru ya uso wake peke yake kwa kipimo cha spoti na kuiachia kamera iamue, itamfanya kijivu cha wastani na kumpausha. Mimi hupima ngozi ya shavu upande wa dirisha na kuiacha stopu moja hadi moja na nusu chini ya kati, kutegemea weusi wake. Halafu natazama histogramu ya nyekundu peke yake. Upande wa taa, nyekundu hufurika kabla ya rangi nyingine, na ikishafurika pale hapatakuwa na ngozi, patakuwa na doa la chungwa lisilo na vinyweleo wala mikunjo. Hakuna programu itakayorudisha kilichopotea hapo.

Tuseme taa hazikuzimwa na picha ndiyo hiyo uliyonayo. Sawazisha picha nzima kwa kadi ya dirisha: 6100 na +9. Shavu la kushoto linarudi kwenye rangi yake, la kulia linawaka. Fungua `Masking`, chukua `Brush` yenye kingo laini sana, upake sehemu ya uso inayopata taa. Ndani ya maski hiyo punguza `Temp` kidogo kidogo, tuseme hadi −30, kisha `Saturation` −10. Ukiona kijani kinaanza kutokea kwenye kingo za taya, ongeza `Tint` pointi chache kuelekea majenta. Simama kabla mashavu hayajafanana kabisa. Ukiufanya uso wote rangi moja wakati taa inaonekana nyuma, uso unaonekana umebandikwa.

Kisha kagua kwa namba. Weka kishale chini ya mfupa wa shavu, pande zote mbili, na shingoni. Lightroom inaonyesha asilimia za R, G na B. Mpangilio uwe R, halafu G, halafu B, pande zote. B ikiigusa G, umepoza mno au majenta imezidi. R na G zikikaribiana sana huku B ikiwa chini, kuna kijani. B ikikaribia sifuri wakati R iko juu, hiyo ni chungwa. Namba za ngazi za Monk zisitumike kama shabaha ya kumfikisha mtu, kwani kivuli na mwangaza vinazibadilisha. Mpangilio ndio unaobaki.

Kupauka kulikobaki kusitibiwe kwa kuongeza joto la picha nzima. Mara nyingi kinachokosekana ni weusi. Mhariri ameinua `Shadows` hadi ngozi ikapoteza kina, na rangi ikafifia pamoja nacho. Rudisha `Shadows` chini, shusha `Blacks` kidogo, na utaona kahawia inarudi bila kugusa `Temp`. Nasisitiza hili kwa sababu naona picha nyingi ambazo mweusi amegeuzwa maji ya kunde kwa kisingizio cha kumng'arisha. Familia inamjua mtoto wao. Akining'inizwa ukutani na rangi ya mtu mwingine, picha imeshindwa hata kama inapendeza.

Kuna chumba kimoja ambacho haya yote hayakitoshi, nacho ni chenye taa rahisi za LED ambazo hazina nyekundu ya kutosha. Mizani inaweza kuzidisha nyekundu iliyopo, lakini haiwezi kuzaa ile ambayo taa haikuitoa. Ubora ulioandikwa kwenye boksi kama CRI 80 hausemi kitu hapa, kwa kuwa wastani huo unapimwa kwa rangi 8 zilizofifia, na nyekundu kali, inayoitwa R9, haimo ndani yake. Kuipima taa ni rahisi. Piga picha ya mkono wako pamoja na kadi ya kijivu dirishani, kisha chini ya taa hiyo huku mapazia yamefungwa. Sawazisha kila picha kwa kadi yake. Kama kadi zote mbili sasa ni kijivu sawasawa lakini mkono wa chini ya taa bado una kijani au umefifia, taa ndiyo yenye upungufu. Kwenye chumba hicho izime, mlete bibi harusi dirishani, na kama usiku umeshaingia tumia flashi.